Methali Husemwa Nusu

Nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi katika shule za sekondari za mwambao wa Tanga, na katika fasihi simulizi yote sijaona mada ambayo wanafunzi huiingia kwa kujiamini kama methali. Wanazijua tangu nyumbani, wameziona kwenye kanga za mama zao, na ukiwauliza methali ni nini watakujibu kwa pamoja kwamba ni usemi mfupi wa kimapokeo wenye hekima na fumbo ndani yake. Jibu hilo ni sahihi na lina alama zake katika mtihani. Lakini halitwambii inakuwaje maneno matatu au manne yamnyamazishe mtu ambaye hotuba ya nusu saa haikumtikisa, wala halitwambii jamii inapitishaje ndani ya maneno hayo machache mambo inayoyathamini, hata mtoto akue akiwa ameyapokea bila ya mtu yeyote kumketisha na kumfundisha.

Kwa ajili hiyo niliacha kuwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu walete methali kumi na maana zake. Zoezi la namna hiyo huleta methali zilizonakiliwa kitabuni, na maana zilizonakiliwa kitabu hicho hicho. Badala yake huwapa muda mrefu na daftari lenye safu tano. Katika safu ya kwanza mwanafunzi huandika methali kama alivyoisikia ikitamkwa, hata ikiwa ilikatizwa njiani. Safu ya pili ni ya aliyeisema na aliyeambiwa, kwa uhusiano wao tu na wala si kwa majina. Safu ya tatu hueleza jambo lililokuwa likitendeka kabla, ya nne lililotendeka baada, na ya tano ni ya maoni ya mwanafunzi mwenyewe. Sharti ni moja: awe ameisikia kwa masikio yake. Daftari likija na methali nyingi ambazo safu ya nne ni tupu, najua zimetoka kitabuni, kwa sababu methali iliyosemwa kweli haikosi kuacha kitu nyuma yake, hata kama ni mtu kuinuka na kwenda zake.

Jambo la kwanza ambalo madaftari haya yalinionyesha ni kwamba watu wazima, wanaposemezana wao kwa wao, mara nyingi hawaimalizi methali. Husema nusu ya kwanza na kunyamaza. Binti mmoja aliandika tukio la nyumbani kwao, ambapo mama yake alikuwa amejifungua pacha wiki chache kabla. Wifi wa mama yake alikuja kuwatembelea, akaketi ukumbini, akaanza kuulizia kwa nini uwanja haujafagiwa na kwa nini vyombo vya asubuhi vingali karoni. Bibi yao, ambaye ni mama mzazi wa huyo wifi, alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mwanangu, mzigo wa mwenzio…" kisha akaendelea na mchele wake. Katika safu ya nne binti aliandika kwamba shangazi yake alikaa kimya kidogo, akaenda chumbani, akarudi na mtoto mmoja begani, na baadaye akaonekana uani akisuuza masufuria.

Methali yenyewe kwa ukamilifu ni hii: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilipoiandika ubaoni, zaidi ya nusu ya darasa hawakujua usufi ni nini, kwa kuwa wamezaliwa katika nyumba zenye magodoro ya sponji. Kwa bahati msufi haukuwa mbali na shule, mti mrefu wenye miiba shinani, na wakati huo matumba yake yalikuwa yamekauka na kupasuka. Tuliokota kiasi, tukatoa zile nyuzi nyeupe zenye kung'aa na kuzitenga na mbegu nyeusi, kisha nikawaambia wajaze mfuko mkubwa waliouleta. Mfuko ulijaa pomoni. Kijana aliyeambiwa auinue alijikaza kama mtu anayeinua kiroba cha unga, nusura aurushe angani, maana haukuwa na uzito wowote. Kanda nalo ni mfuko uliosukwa kwa ukili, na kanda lililojazwa usufi likipita kichwani mwa mtu huonekana kubwa mno, lakini yeyote anayejua kilichomo hamwonei huruma mbebaji. Hapo ndipo pana ukali wa methali. Macho ya mtazamaji huuona mzigo wa mwenzake, ila moyo wake humwambia ndani mna usufi mtupu. Hiyo ndiyo hali anayokuwamo kila mtu anayemhukumu mwingine kwa kazi ambayo hajaibeba yeye, na bibi yule alimwekea binti yake hali hiyo mbele ya uso bila ya kutaja pacha, wala ufagio, wala uvivu, wala neno "unakosea".

Angeweza kumwambia, "Acha kumlaumu wifi yako, hujui taabu anayoipata." Maneno haya yangekuwa ya kweli vile vile. Lakini yangekuwa yake yeye, mama dhidi ya binti, naye binti angekuwa na nafasi ya kujitetea kwamba hakulaumu, aliuliza tu. Methali haikumpa nafasi hiyo. Kwanza, haikumtaja. Pili, bibi hakuitunga, bali aliikuta kama walivyoikuta wengine, kwa hiyo mwenye kuibishia hambishii bibi, anawabishia wote waliowahi kuisema. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, nusu ya pili ilibaki kwa msikilizaji aimalizie mwenyewe kichwani. Aliyejikaripia ni yeye. Hukumu ilitoka katika akili yake kwa maneno aliyofunzwa utotoni, na mtu hawezi kugombana na sauti hiyo kama anavyoweza kugombana na mama yake.

Kwa kuwa nusu ya pili haisemwi, kila anayeelewa amekwisha kukiri kwamba yumo ndani ya jamii hiyo. Mgeni asiyejua mwisho wa methali huachwa nje. Nimeona watoto wadogo wakiuliza, "Mzigo wa mwenzio ni nini, bibi?" na wakubwa wakiwamalizia, na kwa siku hiyo mtoto huwa amepata kanuni moja ya watu wake pamoja na mfano hai wa mahali inapotumika. Hakuambiwa kwamba kuna somo. Alikuwa akicheza karibu na ungo wa mchele.

Ufupi huu una mafundi yake katika sarufi, nami huwaomba wanafunzi wawaangalie kwa makini. Chukua methali kama mchimba kisima huingia mwenyewe, mpanda ngazi hushuka, mcheza kwao hutuzwa. Katika mazungumzo ya kawaida tungesema "mtu anayechimba kisima" au "yule aliyepanda ngazi", na mara moja msikilizaji angeuliza ni mtu gani, amechimba lini. Mchimba hana jina, si mwanamume wala mwanamke, si kijana wala mzee. Ni yeyote atakayekutwa katika kitendo hicho. Kisha hufuata kile kiambishi hu-, ambacho hakichukui kiambishi cha nafsi wala cha wakati: hakuna "ni-" wala "u-" wala "a-", hakuna jana wala kesho. Kwa hiyo sentensi nzima imevuliwa mtu na imevuliwa wakati. Imebaki na kitendo na matokeo yake peke yake. Anayeisema mbele ya mtu fulani, saa fulani, ndiye anayemrudisha mtu na wakati mahali pake, na kwa kuwa nafasi ile ni tupu, inamtosha kila anayeingizwa humo. Ndiyo maana methali ile ile humwonya mtoto aliyemtegea mwenzake mguu na humwonya pia kiongozi aliyemtegea mwenzake fitina.

Zipo bila shaka methali nyingi zisizo na umbo hili. Nyingine huanza kwa "usi-", nyingine kwa "ukiona", nyingine ni majina mawili yaliyounganishwa kwa "ni" moja tu. Zote, hata hivyo, zina mahali ambapo pumzi hukatika katikati, upande mmoja ukiweka jambo na upande wa pili ukionyesha mwisho wake, na hapo katikati ndipo msemaji husimama na kumwachia msikilizaji.

Sasa niingie katika tukio ambalo ndilo lililonifanya niache kuzitazama methali kama hazina ya hekima isiyo na mgongano. Sikulisoma katika daftari la mwanafunzi. Nililishuhudia mwenyewe upande wa Pangani, katika kikao cha ukoo wa jirani yangu aliyefariki na kuacha mjane, watoto watatu na shamba la minazi. Baada ya arobaini ilikubaliwa kwamba baba mdogo wa watoto ndiye atakayesimamia shamba, auze nazi na kuleta fedha za matumizi na ada. Kwa kawaida huko minazi huanguliwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Wakwezi hupanda, nazi hukusanywa mafungu mafungu chini, mnunuzi huja na gari, huhesabu, hulipa na kupakia. Wakwezi walipanda zaidi ya mara moja, gari likaja na kuondoka, na mjane akawa anaambiwa kila mara kwamba nazi ni chache, minazi imezeeka, bei imeanguka. Mimi niliitwa katika kikao kwa sababu watoto wawili walikuwa wanafunzi wangu na walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa michango, na pamoja nami aliitwa balozi wa nyumba kumi.

Mjane alieleza kwa heshima sana, akizunguka asimtaje shemeji yake. Baba mdogo akajibu kwa kirefu habari za mbolea, ngedere na wezi. Watu walipoanza kuulizana hesabu, na sauti zikapanda, mzee mkuu wa ukoo aliinua mkono akasema, "Jamani, funika kombe mwanaharamu apite." Alinitupia jicho mimi na balozi alipokuwa akisema, na wote pale walielewa kwamba anasema: yako masikio ya nje hapa, tuyazungumze wenyewe siku nyingine. Baraza likanyamaza. Nikainuka kuaga, kwa sababu ndivyo methali ile ilivyonitaka nifanye, na ingekuwa utovu wa adabu kujifanya sikuelewa.

Ni haki nimtetee mzee kabla sijaendelea. Methali aliyoitumia inabeba jambo ambalo watu wa pwani wanalithamini kwa dhati, nalo ni sitara. Nyumba ina mambo yake, na aibu ya ndugu ikitoka nje haimrudii mkosaji peke yake, inawapata watoto wake watakapotaka kuoa au kuolewa. Kombe ni lile sahani kubwa la chakula cha wenyeji. Apitapo mtu usiyemwamini, unafunika, unamwacha aende, ndipo mnafunua na kula. Mzee hakuwa akimtetea mwizi. Alikuwa akitetea jina la ukoo, na methali ilimpa nguvu ya wazee wote waliotangulia.

Aliyemjibu ni shangazi wa watoto, dada wa marehemu, aliyekuwa ameketi na wanawake karibu na mlango. Alianza kwa kuomba radhi, kama inavyompasa mdogo anapomjibu mkubwa: "Mzee wangu, nyinyi ndio mliotufundisha maneno haya, sina la kuwafundisha." Kisha akasema, "Lakini mlitufundisha pia kwamba mficha maradhi…" na kabla hajafika mwisho, wanawake watatu au wanne nyuma yake walimalizia kwa sauti ya chini, "kifo humuumbua." Akaongeza jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha methali nilichowahi kufundishia: "Na kombe, mzee, tulilifunika tangu kaka alipozikwa. Mwanaharamu keshapita. Tukizidi kulifunika, chakula cha watoto kitachacha."

Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi, na nimelifundisha kila mwaka. Shangazi hakusema kwamba methali ya mzee ni mbaya, wala hakusema kwamba sitara haina maana. Aliingia ndani ya methali yenyewe na kuonyesha mpaka wake. "Apite" ni kitenzi chenye mwisho: unafunika mpaka mtu apite, kisha unafunua, kwa kuwa shabaha tangu mwanzo ilikuwa wenye chakula wale. Kufunika bila ya kufunua ni kuwanyima wale wale uliodai unawalinda. Pamoja na hayo aliweka mezani thamani ya pili ambayo jamii hiyo hiyo inaishika, yaani kwamba ubaya uliofichwa hukua, na atakayeufichua mwishoni hatakuwa na huruma. Maradhi dhidi ya kombe; ukweli dhidi ya sitara. Watu wote pale walizikubali zote mbili. Swali lililobaki halikuwa tena kama tuna maadili gani, bali ni lipi kati ya hayo mawili linatangulia leo, kwa watoto hawa.

Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia, "Kaa mwalimu, wewe si mpita njia." Akaomba daftari la mauzo. Halikuwapo. Basi wakamtuma kijana kwa mkwezi mkuu, ambaye hulipwa kwa idadi ya minazi aliyopanda, na kwa hiyo alikuwa anakumbuka vizuri alipanda mingapi kila mara. Kutokana na idadi hiyo walikadiria nazi, na kutokana na nazi walikadiria fedha, na baba mdogo hakuwa na la kusema. Waliamua kwamba tangu siku hiyo mnunuzi atahesabu na kulipa mbele ya mjane na wazee wawili, na sehemu ya baba mdogo katika shamba jirani waliloachiwa na babu yao ingekatwa hadi deni liishe. Balozi hakuandika kitu. Habari haikufika popote nje ya uwanja ule, kwa hiyo kwa namna fulani mzee naye alipata sitara aliyoitaka.

Tangu hapo mwanafunzi akiniuliza kwa nini methali zinapingana, siwezi tena kumjibu kwa mkato. Zinapingana kwa sababu jamii haina thamani moja. Inapenda subira na inapenda wepesi, inapenda ukarimu na inamwogopa mgeni asiyeondoka. Kama ingekuwa na sauti moja tu katika kila jambo, ingehitaji amri chache zilizoandikwa ukutani, na hapangekuwa na haja ya mtu kuchagua. Methali hazichagui kwa niaba yetu. Hulipatia jambo jina, ili watu waliokuwa wakibishana juu ya nazi na ngedere waone kwamba wanachobishania ni sitara na ukweli. Uamuzi ukaletwa na ushahidi wa mkwezi. Ninasisitiza hili kwa sababu vitabu vingi vya shule huandika methali upande mmoja na "funzo" upande wa pili, na mwanafunzi huondoka akidhani kwamba funzo limekaa ndani ya sentensi kama kokwa ndani ya embe, ukipasua utalipata pale pale kila siku.

Kuna jambo jingine ambalo madaftari yamenifunza, nalo ni kwamba methali ina ngazi zake. Kijana mmoja aliandika kwamba baba yake mkubwa alikuwa akilalamika kwamba chama cha akiba na mikopo hakimpi mkopo, ilhali haendi vikaoni. Kijana akamwambia, "Baba mkubwa, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Maneno yalikuwa sahihi kabisa, lakini kijana alifukuzwa ukumbini. Jioni yake bibi alikuja, akayasikia malalamiko yale yale, akasema methali ile ile, na baba mkubwa akacheka, akaulizia kikao kijacho ni lini. Katika safu ya tano kijana aliandika kwa uchungu kwamba huo ni uonevu. Nilimwelewa. Nikamwambia atazame sura iliyomo: methali hiyo inamwinamisha mtu, inampeleka uvunguni akapapase. Mama anaweza kumwinamisha mwanawe. Mtoto hawezi kumwinamisha baba mkubwa bila ya kutanguliza ngao, kama alivyofanya shangazi wa Pangani aliposema "nyinyi ndio mliotufundisha". Vijana wengine hutumia "wahenga walisema" kwa kazi hiyo hiyo. Ukisema hivyo unajitoa wewe katikati, unawaacha wahenga waseme na mkubwa wako, na kwao hao mkubwa anaweza kuinama bila ya kuvunjiwa heshima.

Ngazi hizi zina hatari yake pia, na hapo ndipo ninapokuwa mkali darasani. Mwenye nguvu anaweza kuishika methali nzuri na kuitumia kumziba mdomo mnyonge, na kwa kuwa ni nzuri, mnyonge hukosa la kujibu. Mvumilivu hula mbivu ni methali ninayoipenda. Imewasaidia watu wengi kusubiri mazao, watoto, kupona. Lakini katika madaftari nimeikuta zaidi ya mara moja ikisemwa na mtu ambaye subira hiyo haimgharimu chochote. Kwa hiyo niliongeza safu ya sita, na swali lake ni hili: kama shauri la methali likifuatwa, nani analipa? Bibi aliposema habari ya kanda la usufi, aliyelipa ni binti yake mwenyewe, kwa kazi ya masufuria, na bibi hakupata faida yoyote. Mzee wa Pangani alipotaka kombe lifunikwe, wangelipa watoto watatu. Ukiandika majibu hayo pembeni ya kila methali, unaanza kuona ni lini inafundisha na ni lini inatumika kama kufuli, ingawa maneno hayajabadilika hata herufi moja.

Methali nyingine hata bila ya mtumiaji mbaya hazifundishi wema. Mnyonge hana haki ni methali, na imeishi miaka mingi midomoni mwa watu. Wanafunzi huniuliza kama jamii yetu inathamini jambo hilo. Mimi husema kwamba baadhi ya methali hueleza jinsi dunia ilivyo, nyingine jinsi tunavyotaka iwe, na huwezi kujua ipi ni ipi mpaka umsikie msemaji. Nimesikia mnyonge hana haki ikisemwa na mtu aliyekata tamaa akitoka kwenye kesi, na nimeisikia ikisemwa na mwanamke akiwachochea wenzake waende pamoja ofisini badala ya mmoja mmoja. Kwa wa kwanza ilikuwa kilio, kwa wa pili ilikuwa sababu ya kuungana. Dau la mnyonge haliendi joshi ni ya jamii hiyo hiyo. Mabaharia waliojua shida ya kusogea upande upepo unakotoka walimwona humo maskini akihangaika na chombo chake dhaifu.

Wanafunzi wa siku hizi huleta pia maneno yaliyoandikwa nyuma ya daladala na bajaji, na misemo ya wanasiasa, wakitaka niyakubali kama methali. Sina chuki nayo. "Hapa kazi tu" iliyovuma katika uchaguzi wa 2015 ilikuwa fupi kuliko methali nyingi na kila mtu aliielewa. Lakini ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na wakati wake, na ilikuwa na jambo moja la kusema. Kipimo ninachowapa ni hiki: je, umemsikia mtu asiyemjua msemaji wa kwanza akiitumia kwa jambo jingine kabisa, na je, akiikata katikati watu wataimalizia? Ikifaulu hapo, iingie katika daftari, iwe imeandikwa kwenye bajaji au ubao wa kitanda.

Mwaka huu daftari nililolisoma kwa muda mrefu zaidi ni la binti ambaye kaka yake anafanya kazi katika karakana ya seremala mmoja mjini. Mshahara ulikuwa umecheleweshwa, na kijana alipouliza, tajiri wake alimwambia mbele ya mafundi wengine, "Mvumilivu hula mbivu." Kijana alikuwa na kipande cha mninga mkononi anakipiga randa. Akasema, "Ni kweli, bosi, na wahenga wakasema ahadi…" na fundi mmoja mzee, bila ya kuacha kazi yake, akamalizia, "ni deni." Katika safu ya nne binti ameandika kwamba tajiri aliingia ndani, akatoka na sehemu ya fedha, na kwamba hadi siku ya kukusanya madaftari iliyobaki ilikuwa haijalipwa. Katika safu ya sita, penye swali la nani analipa, ameandika majina mawili ya uhusiano, "kaka" mbele ya methali ya kwanza na "bosi" mbele ya ya pili, kisha akauliza kama anaruhusiwa kuongeza ukurasa, kwa sababu mambo hayajaisha.